Hisa Ilishuka kwa Asilimia 6, na Aliyengoja Mshtuko Akapoteza

Stradoli ni ununuzi wa opsheni mbili kwa pamoja juu ya hisa moja. Opsheni ya kwanza humpa mwenye nayo haki ya kununua hisa kwa bei iliyokwisha kuandikwa kwenye mkataba; ya pili humpa haki ya kuiuza kwa bei hiyohiyo. Zote mbili huisha siku moja. Hisa ikipanda sana, opsheni ya kununua hupata thamani na ile ya kuuza hufa. Ikiporomoka, mambo hugeuka. Mnunuzi wa stradoli kwa hiyo hana haja ya kujua hisa itaelekea wapi. Anachohitaji ni iende mbali.

Strangoli hufuata wazo hilohilo kwa gharama ndogo zaidi. Badala ya bei moja ya mkataba, huwa na mbili: haki ya kununua huwekwa juu ya bei ya sasa ya soko, na haki ya kuuza huwekwa chini yake. Kwa kuwa hisa inapaswa kusafiri kwanza ndipo mojawapo ianze kuwa na maana, opsheni hizo mbili huuzwa kwa bei nafuu. Katika mbinu zote mbili mnunuzi hawezi kupoteza zaidi ya kile alichokilipa mwanzoni. Sentensi hiyo imewavutia watu wengi, maana inasikika kama ulinzi. Haisemi, hata hivyo, ni mara ngapi kiasi hicho hupotea.

Mbinu hizi hutafutwa zaidi pale ambapo tarehe ya tukio inajulikana na matokeo yake hayajulikani: kampuni inatangaza mapato ya robo mwaka, benki kuu inatangaza riba, nchi inapiga kura. Hoja ya mnunuzi huwa nyepesi kuelezwa. Siku fulani habari kubwa itatoka, bei itaruka upande mmoja au mwingine, na yeye atakuwa ameshika pande zote mbili. Mara nyingi sehemu ya kwanza ya hoja hii hutimia: habari hutoka na bei huruka. Kisha mnunuzi hufungua akaunti yake na kukuta hasara.

Mfano mzuri wa jambo hili ni kampuni ya Nvidia, watengenezaji wa chipu za kompyuta wa huko Kalifornia, na matokeo yao ya tarehe 28 Agosti 2024. Siku hiyo ya Jumatano hisa ilifunga soko ikiwa dola 125.61. Kampuni za Marekani hupenda kutangaza matokeo baada ya soko kufungwa saa 10 jioni kwa saa za New York, ambayo kwa mwezi huo ni saa 5 usiku Nairobi na Dar es Salaam. Wakati huo opsheni za hisa haziuzwi wala hazinunuliwi. Hufunguliwa tena kesho yake, saa 10 na nusu jioni kwa saa za Afrika Mashariki, bei ikiwa tayari imesharuka. Hakuna nafasi ya kuingia katikati. Aliyeamua ameamua kabla ya kengele ya kufunga.

Matokeo yenyewe hayakuwa mabaya hata kidogo. Mapato ya robo hiyo yalikuwa takribani dola bilioni 30, zaidi ya maradufu ya mwaka uliotangulia, na kampuni ilitangaza mpango wa kununua tena hisa zake za dola bilioni 50 zaidi. Lakini wawekezaji walikuwa wamezoea kushangazwa, na safari hii mshangao ulikuwa mdogo kuliko walivyozoea. Alhamisi tarehe 29 hisa ilifunga ikiwa dola 117.59. Imeshuka kwa asilimia 6.4 kwa siku moja, na kwa kampuni ya ukubwa ule hiyo ni karibu dola bilioni 200 za thamani zilizofutika. Mtu asiyejua opsheni angesema kwamba hii ndiyo siku hasa ambayo mwenye stradoli alikuwa akiingoja.

Kabla ya tangazo, hata hivyo, bei za opsheni zilikuwa zikiashiria mruko wa karibu asilimia 10, kwenda juu au chini. Kiasi hicho hakikutokana na kura ya maoni. Hupatikana kwa kutazama stradoli ya bei iliyo karibu zaidi na bei ya soko, inayoisha siku chache baada ya tukio, kisha kugawa gharama yake kwa bei ya hisa. Kama mruko ulioashiriwa ni asilimia 10 ya dola 125.61, basi stradoli ya bei ya mkataba ya dola 125, inayoisha Ijumaa tarehe 30, ilikuwa na gharama ya takribani dola 12.50 kwa hisa. Mkataba mmoja wa opsheni za hisa Marekani hubeba hisa 100, kwa hiyo mnunuzi wa stradoli moja angelipa kama dola 1,250. Bei za opsheni zinazofuata katika makala haya zimekokotolewa kwa kuanzia hapo, hazikunakiliwa kutoka kwenye orodha ya soko. Bei za hisa ni zile zilizofunga soko.

Ili mnunuzi huyo arudishe fedha zake, hisa ilipaswa kuvuka dola 137.50 au kushuka chini ya 112.50. Alhamisi jioni ilikuwa 117.59. Haki ya kuuza kwa dola 125 kitu chenye thamani ya dola 117.59 ina thamani ya dola 7.41, na haki ya kununua kwa 125 ilibaki na senti chache tu. Stradoli nzima ilikuwa na thamani ya takribani dola 7.50. Kati ya dola 1,250 zilizolipwa Jumatano, 750 zilibaki Alhamisi, na dola 500 zimekwenda, ingawa hisa ilikuwa imeporomoka. Aliyeng'ang'ania hadi Ijumaa akitumaini anguko litaendelea aliumia zaidi: hisa iliinuka kidogo hadi 119.37, na haki yake ya kuuza ikaisha na dola 5.63.

Mwenye strangoli alikuwa na hali mbaya zaidi. Tuseme alichagua haki ya kuuza kwa dola 115 na haki ya kununua kwa dola 135, akalipa takribani dola 5 kwa jozi. Alhamisi jioni jozi hiyo ilikuwa na thamani ya kama nusu dola. Tisa ya kumi ya fedha zake imeondoka siku ambayo hisa imeshuka kwa asilimia 6.4, na Ijumaa, hisa ikiwa juu ya 115 na chini ya 135, opsheni zote mbili ziliisha bila thamani yoyote. Unafuu wa strangoli ni wa bei ya kuingilia tu.

Fedha hizo zilikwenda wapi? Bei ya opsheni yoyote ina sehemu mbili. Ya kwanza ni thamani ambayo mwenye nayo angeipata kama angeitumia sasa hivi. Jumatano jioni stradoli ya 125 ilikuwa na senti 61 tu za aina hii, tofauti kati ya 125.61 na 125. Sehemu nyingine yote, karibu dola 12, ilikuwa thamani ya yale yanayoweza kutokea kabla ya Ijumaa. Mnunuzi alilipia uwezekano. Uwezekano huo ulikuwa umejikusanya karibu wote katika saa chache za usiku mmoja, na zilipopita, zilipita nao.

Kipimo cha uwezekano huo ndicho kiitwacho mtikisiko tarajiwa, ambao kwenye skrini za madalali huandikwa IV. Kanuni mashuhuri ya kukadiria bei ya opsheni, iliyochapishwa mwaka 1973 na Fischer Black na Myron Scholes na kukuzwa na Robert Merton, inahitaji vitu vichache: bei ya hisa, bei ya mkataba, muda uliobaki, riba, na kiasi ambacho hisa inatarajiwa kuyumba. Vinne vya kwanza vinaonekana wazi. Cha tano hakionekani. Kwa hiyo soko hugeuza hesabu: huchukua bei ambayo watu wanalipa kweli, kisha hutafuta ni mtikisiko gani ungeizaa bei hiyo. Jibu ndilo IV. Haisemi hisa itapanda au itashuka, wala si utabiri wa mtaalamu yeyote. Ni bei ya opsheni iliyoandikwa kwa lugha nyingine.

IV huandikwa kwa mwaka, na hapo ndipo wengi hupotea njia. Ili kuipata kwa siku moja ya soko, hugawanywa kwa takribani 16, maana mwaka una siku za soko kama 252 na kipeuo chake cha pili kinakaribia 16. Hisa yenye IV ya asilimia 48 kwa hiyo inatarajiwa kuwa na mwendo wa kawaida wa asilimia 3 kwa siku. Huo ni mwendo wa kuaminika kwa hisa kama Nvidia katika siku isiyo na habari. Siku ya matokeo ni kitu kingine. Ikiwa kipimo hichohicho kwa usiku wa tangazo ni asilimia 12, siku moja hiyo peke yake ina uzito wa siku kumi na sita za kawaida, kwa sababu mitikisiko hujumlishwa kwa miraba yake: 12 mara 12 ni 144, na 3 mara 3 ni 9.

Jumatano jioni, opsheni inayoisha Ijumaa ilikuwa na siku mbili za soko mbele yake: ya tangazo na moja ya kawaida. 144 na 9 ni 153, na kipeuo chake ni takribani 12.4. Ukiubadilisha mtikisiko huo wa asilimia 12.4 kwa siku mbili kuwa wa mwaka, skrini itaonyesha IV ya karibu asilimia 140. Alhamisi, siku ya tangazo imeshatoka kwenye hesabu. Imebaki siku moja ya kawaida, na IV inarudi kwenye 48. Hakuna aliyebadili mawazo na hakuna hofu iliyotulizwa na mtu. Siku kubwa imeondoka kwenye orodha ya siku zilizobaki, basi. Ndiyo maana anguko hili la IV hutokea hata pale habari zinapokuwa mbaya na hisa inapoendelea kutetereka. Na ndiyo maana kulisubiri lisitokee ni kusubiri kitu ambacho hesabu yenyewe haikiruhusu.

Ukubwa wa athari yake unaweza kupimwa kwa kujiuliza ingekuwaje kama IV ingebaki palepale Alhamisi, kana kwamba Ijumaa nayo ilikuwa na mshtuko wake. Hisa ikiwa 117.59 na IV ikiwa 140, stradoli ya 125 ingekuwa na thamani ya takribani dola 10.30 badala ya 7.50, na strangoli ingekuwa na kama dola 3 badala ya nusu dola. Tofauti ya mwisho inaeleza mengi. Strangoli haina kitu kingine ndani yake ila uwezekano, kwa hiyo uwezekano ukinyauka hakuna cha kuiegemeza, mpaka hisa ivuke mojawapo ya bei zake mbili.

Kosa moja huwanasa hata watu waliokwisha kuyaelewa hayo yote. Wanaona kwamba IV hupanda kadiri tukio linavyokaribia, wanaamua kununua stradoli mapema, wapande nayo, na waiuze kabla ya tangazo. Hoja inavutia, lakini tazama hesabu. Ikiwa zimebaki siku 21 za soko, na tangazo litaangukia mojawapo, jumla ya miraba ni 144 na mara ishirini ya 9, yaani 324. Kipeuo ni 18, na IV kwa mwaka ni kama asilimia 62. Zikibaki siku 10, IV ni kama 75. Zikibaki 5, ni 95. Zikibaki 2, ni karibu 140. IV imepanda zaidi ya mara mbili. Lakini mtikisiko wote uliobaki, ambao ndio unaoamua bei ya stradoli, umekuwa ukipungua muda wote huo: asilimia 18, kisha 15, kisha 13.4, kisha 12.4. Siku za kawaida zilikuwa zikiondoka moja moja na kuchukua fedha, huku siku kubwa ikigawanywa kwa siku chache zaidi na kuifanya namba ya skrini ionekane kubwa. Mtu huyo aliona IV ikipanda kila siku na stradoli yake ikishuka kila siku, na asielewe kwa nini. Angenufaika tu kama hisa ingetembea zaidi ya kawaida katika siku hizo za kungoja, au kama soko lingeanza kulikadiria tangazo lenyewe kuwa kubwa zaidi ya asilimia 12.

Wengine hukimbilia mikataba ya mbali. Hoja yao ni kwamba opsheni ya mwezi mzima haitaumizwa na usiku mmoja. Kwa IV inayoonekana, ni kweli: baada ya tangazo opsheni yenye siku 20 zilizobaki hushuka kutoka 62 hadi 48 tu, si kutoka 140. Lakini opsheni ndefu huitikia kila pointi ya IV kwa nguvu zaidi kuliko fupi. Kwa vipimo vilevile, stradoli ya 125 yenye siku 21 ingegharimu takribani dola 18 Jumatano. Alhamisi, hisa ikiwa 117.59, ingekuwa na thamani ya kama dola 14. Hasara ni dola 4, si mbali na zile 5 za mkataba mfupi. Kama hisa isingetikisika kabisa, stradoli hiyo ingeshuka hadi kama 13.50. Maana yake ni kwamba anguko zima la asilimia 6.4 lilimletea mnunuzi nusu dola ya nafuu tu. Kwa asilimia hasara yake ni ndogo, kwa sababu ameweka fedha nyingi zaidi mezani. Usiku ule ulikuwa na gharama yake, na kila mkataba unaoupitia huilipa.

Haya yote hayana maana kwamba stradoli kabla ya matokeo ni ghali mno. Inaweza kuwa na bei ya haki kabisa na bado imtie mnunuzi hasara mara nyingi zaidi kuliko inavyompa faida. Bei ya stradoli hukaribia wastani wa ukubwa wa mruko, na wastani huo huvutwa juu na miruko michache mikubwa. Hata kama miruko ingefuata mgawanyo wa kawaida wa takwimu, ule wenye umbo la kengele, takribani mara 58 kati ya 100 mruko ungekuwa mdogo kuliko bei iliyolipwa. Miruko ya hisa haifuati umbo hilo kwa unyoofu. Huwa na siku nyingi za wastani na siku chache za ajabu, hivyo idadi ya hasara huongezeka zaidi huku faida zikijikusanya katika matukio machache. Kwa hiyo swali la maana kwa mnunuzi halihusu kama bei itatikisika. Linahusu kama itatikisika kuliko kiasi ambacho muuzaji ameshalipwa.

Siku hizo za ajabu zipo. Mwezi Mei 2023 Nvidia hiyohiyo ilitoa makadirio ya mauzo yaliyoshtua soko zima, na tarehe 25 hisa ikapanda kwa asilimia 24 kwa siku moja. Tarehe 3 Februari 2022 hisa ya Meta, wamiliki wa Facebook, ilianguka kwa asilimia 26. IV ilishuka baada ya matukio hayo pia, kama kawaida yake, lakini haikuwa na umuhimu: opsheni iliyokuwa upande sahihi ilikuwa imeshageuka kuwa na thamani ya moja kwa moja, na thamani hiyo hainyauki. Muuzaji wa stradoli siku hizo alikuwa katika hali ya kutisha. Yeye hupokea dola zake mwanzoni, hufurahia anguko la IV mara nyingi, na hasara yake upande wa juu haina mpaka. Kuna wanaosoma kuhusu hasara za wanunuzi na kuhitimisha kwamba basi heri kuuza. Hitimisho hilo limefilisi watu wengi kwa haraka kuliko stradoli yoyote iliyonunuliwa.

Mnunuzi anayetaka kujua anachokinunua anaweza kufanya mambo machache kabla ya kengele ya kufunga. Kwanza agawe bei ya stradoli ya karibu kwa bei ya hisa, apate mruko unaohitajika kwa asilimia. Kisha aulinganishe na miruko ya kweli ya kampuni hiyo katika matokeo ya robo nane au kumi na mbili zilizopita, akihesabu kutoka bei ya kufunga hadi bei ya kufunga siku iliyofuata. Asichukue wastani peke yake. Atazame ni mara ngapi mruko ulivuka bei. Tatu, alinganishe IV ya mkataba unaoisha mara baada ya tukio na ule unaoisha mwezi mmoja au miwili mbele. Pengo kubwa kati yao linaonyesha jinsi siku ile moja ilivyokwisha kutiwa kwenye bei, na IV ya mbali inadokeza mahali ambapo ya karibu itatua kesho yake.

Kuna gharama nyingine ambayo hesabu za karatasini huisahau. Kila opsheni ina bei mbili, ya anayenunua na ya anayeuza, na stradoli ina opsheni mbili za kununuliwa na mbili za kuuzwa. Kwa hisa kubwa kama Nvidia pengo ni senti chache. Kwa kampuni ndogo, opsheni inayoonekana kuwa na thamani ya dola 2 inaweza kuuzwa kwa 2.30 na kununuliwa kwa 1.70, na dakika za mwanzo baada ya kengele, wakati bei zinajitafutia mahali, pengo hupanuka zaidi. Anayeuza kwa oda ya bei yoyote dakika hiyo hutoa sehemu ya faida yake hata akiwa amepatia. Kungoja nako kuna bei, kama ilivyoonekana Ijumaa ya tarehe 30 Agosti.

Zipo hali ambapo IV haianguki kwa ratiba. Inatokea pale ambapo tukio linafika lakini halijibu swali. Uchaguzi wa rais wa Marekani ulifanyika tarehe 7 Novemba 2000, na kwa kawaida usiku kama huo ungefunga mjadala. Kura za Florida zilikaribiana mno, zikahesabiwa tena, kesi zikafika Mahakama Kuu ya nchi hiyo, na hukumu ikatoka tarehe 12 Desemba. Katika hali ya aina hiyo siku kubwa haiondoki kwenye orodha ya siku zilizobaki. Inasogezwa mbele, na haijulikani ni lini. Opsheni inayoisha wiki ya uchaguzi hufa kabla ya jibu, huku ya mwezi unaofuata ikibaki na uwezekano wake. Vivyo hivyo kwa kampuni ndogo ya dawa inayongoja uamuzi wa mdhibiti, ambapo uamuzi unaweza kuahirishwa: mwenye mkataba mfupi hulipa bei kamili ya usiku ambao haukufika.